Barua Pepe Inayosomwa na Asiyekuwa Kikaoni

Kikao cha kwanza na kampuni kubwa huisha vizuri karibu kila mara. Chai imenywewa, kadi zimebadilishwa, na afisa utawala anamsindikiza mgeni hadi kwenye lifti huku akitamka maneno ambayo kila muuzaji wa Dar es Salaam ameshayasikia: "Basi, tutumie proposo." Mgeni anashuka akitabasamu. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu aliyempokea vizuri mara nyingi siye anayeidhinisha malipo.

Hapo ndipo wauzaji wengi hukosea. Wanaandika barua pepe kana kwamba inaishia kwa mtu waliyekunywa naye chai, wakati yeye akiipokea huibonyezea "sambaza" na kuipeleka kwa mhasibu, kwa mkuu wa manunuzi, pengine hadi kwa mkurugenzi. Watu hao hawakuwepo kikaoni. Hawajui mgeni alikuwa mcheshi kiasi gani, wala hawakuona ubovu wa mashine alioonyeshwa. Wanachokiona ni mistari michache kwenye skrini na hati moja iliyoambatishwa, basi.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya mafundi wa viyoyozi. Imeitwa kwenye ofisi ya ghorofa tatu huko Mikocheni yenye viyoyozi 42. Afisa utawala amewatembeza mafundi jengo zima na kuwaeleza kero mbili. Viyoyozi viwili vya chumba cha seva hujizima joto likizidi, na vitatu vya ghorofa ya pili vinadondosha maji juu ya meza za wafanyakazi. Katikati ya mazungumzo akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba fundi wao wa zamani alikuwa akija bila taarifa na kuondoka bila kusaini popote. Neno hilo la mwisho lina thamani kuliko yote aliyoyasema. Muuzaji mzuri huliandika akiwa bado ndani ya gari, kabla halijamtoka.

Jioni ile ile inatosha kutuma mistari miwili: asante kwa muda wenu, pendekezo litawafikia kesho kabla ya saa sita mchana. Kisha liende kweli kabla ya saa sita. Anayechukua wiki nzima kuandika kurasa ishirini humkuta afisa utawala ameshasahau ni fundi yupi alisema nini, kwa kuwa huenda ameita wengine wawili. Na kama kikao kilikuwa Alhamisi, hati ifike Ijumaa asubuhi. Ijumaa baada ya swala ofisi nyingi za jiji hili huwa na mawazo mengine.

Tuanze na kichwa cha barua. Vichwa kama "Pendekezo" au "Kama tulivyoongea" havimsaidii mhasibu atakayeitafuta barua hiyo baada ya wiki tatu. Kinachofaa ni kama hiki: "Viyoyozi 42, ofisi ya Mikocheni: pendekezo la matengenezo ya mwaka". Yeyote atakayesambaziwa anaelewa jambo kabla hajafungua. Baada ya salamu na jina la mpokeaji, barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Asante kwa kutupokea jana na kututembeza ghorofa zote tatu. Mlitueleza kwamba viyoyozi viwili vya chumba cha seva hujizima wakati wa joto, na vitatu vya ghorofa ya pili vinadondosha maji.

Tunapendekeza kuvihudumia viyoyozi 40 kila baada ya miezi mitatu, na viwili vya chumba cha seva kila mwezi. Gharama ni shilingi 2,442,600 kwa robo mwaka, VAT ikiwemo. Bei haijumuishi gesi wala vipuri; hivyo tutavitoza baada ya idhini yenu ya maandishi, kwa bei zilizo ukurasa wa pili. Fundi atatoa taarifa siku mbili kabla ya kuja, na kila kazi itasainiwa na mtu wenu.

Tunaweza kuanza na chumba cha seva Jumamosi ijayo, ofisi ikiwa imefungwa. Je, zaidi yenu, nani mwingine anapaswa kuiona hati hii kabla ya uamuzi?"

Ni fupi, na ufupi wake una sababu. Aya ya kwanza inarudisha maneno ya mteja mwenyewe, ili mkurugenzi ajue kwamba tatizo limetoka kwa watu wake na halikubuniwa na muuzaji. Aya ya pili ina bei. Wapo wanaoificha bei ndani ya kiambatisho wakihofia kumshtua mteja. Matokeo yake mteja hufungua kiambatisho moja kwa moja, hutafuta tarakimu, na huruka yote yaliyoandikwa kwa jasho. Bora aikute mapema, imekaa jirani na kazi inayolipiwa. Kilio kuhusu fundi wa zamani nacho kimejibiwa kwa sentensi moja, bila kumsema vibaya mtu yeyote.

Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa. "Mna maoni gani?" hujibiwa kwa "tunaipitia". Anayeulizwa nani mwingine aione hati hujikuta anataja mtu au cheo, na muuzaji anapata ramani ya njia ambayo karatasi yake itapita.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo itakayochunguzwa na asiyekuwepo. Katika miezi mitatu, viyoyozi 40 vitahudumiwa mara moja kila kimoja, na viwili vya seva mara tatu kila kimoja. Jumla ni huduma 46. Kwa shilingi 45,000 kila huduma, inakuwa 2,070,000. VAT ya asilimia 18 ni 372,600, na ndiyo maana barua ilisema 2,442,600. Lakini fedha itakayoingia benki si hiyo. Kampuni inayolipa ada ya huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye kiasi kisicho na VAT, yaani 103,500, na kumpelekea TRA. Fundi atapokea 2,339,100. Asiyelijua hili mapema hudhani amepunjwa, hupiga simu kwa hasira, na uhusiano huanza na doa. Pendekezo liandike mstari mmoja tu: malipo yatakatwa kodi ya zuio kwa mujibu wa sheria, na mteja atatoa cheti cha makato. Mhasibu akiusoma mstari huo anajua anashughulika na watu wanaoujua mchezo.

Kuna mtego upande wa pili pia. Kwa Tanzania Bara, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa kawaida kusajiliwa VAT kilipandishwa mwaka 2023 hadi shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mafundi wengi wako chini ya hapo. Ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kuongeza asilimia 18 kwenye bei yake, na aseme hivyo waziwazi kwenye hati. Kuiongeza ili uonekane mkubwa ni kosa ambalo mhasibu hulikamata anapoomba namba ya usajili.

Mpaka wa kazi nao unahitaji maneno ya wazi kuliko hata bei. Ugomvi mwingi wa viyoyozi huzaliwa na gesi. Mteja anaamini gesi huisha kama mafuta ya gari, hivyo anadhani kuijaza ni sehemu ya huduma ya kawaida. Ukweli ni kwamba gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba uvujaji ni kumwaga fedha. Maji yanayodondoka mezani, kwa upande wake, mara nyingi husababishwa na bomba la kutolea maji lililoziba kwa vumbi na utelezi, tatizo linalomalizwa na usafi. Kwa hiyo hati yenye busara inasema: kusafisha vichujio, mapezi na bomba la maji kumo ndani ya bei, kutafuta uvujaji, gesi na kompresa havimo. Fundi anayeandika "kuongeza gesi viyoyozi vitano" kabla hajafunga geji kwenye hata kimoja amejianika mwenyewe, hasa kama upande wa mteja kuna mhandisi.

Viambatisho viwe viwili: pendekezo la kurasa mbili au tatu katika PDF, na faili moja lenye cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, cheti cha TIN, leseni ya biashara na uthibitisho wa kodi. Picha za kazi zilizopigwa kwa simu zipunguzwe ukubwa. Gmail yenyewe hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25, na seva nyingi za makampuni zina kikomo cha chini ya hapo, kwa hiyo barua nzito inaweza kurudishwa au kukwama njiani. Kama baada ya siku mbili hakuna hata neno la "imefika", simu fupi ya kuomba waangalie kwenye folda ya taka si usumbufu.

Tahadhari moja kabla ya kupanda matumaini: kama "kampuni" ile ni shirika la umma, barua pepe nzuri haitazaa mkataba. Manunuzi ya serikali Tanzania sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na asiyejisajili humo hana pa kuingilia. Kwake barua ile ni ya kujitambulisha tu.

Baada ya kutuma huja ukimya, na ukimya una aina zake. Jibu la "tumeipokea, tutawasiliana" bila jina la mtu mwingine kwenye nakala lina maana kwamba hati bado iko kwa afisa utawala. Hapo muuzaji asiandike tena "nafuatilia proposo yangu". Atume kitu kinachomrahisishia afisa kazi ya kuisukuma juu, kwa mfano jedwali la ukurasa mmoja linaloorodhesha viyoyozi vyote 42, chumba kwa chumba, pamoja na hali kila kimoja kilivyokutwa. Mafundi wanayo taarifa hiyo tangu siku ya kutembezwa. Kama bajeti ya mwaka haijapita, afadhali kupendekeza viyoyozi viwili vya seva peke yake: huduma sita kwa robo mwaka, shilingi 270,000 kabla ya VAT, kiasi ambacho ofisi nyingi zinaweza kukiidhinisha bila kukiita kikao.

Dalili njema ina sura tofauti kabisa, na wasioizoea huiona kama matatizo. Ni barua kutoka kwa mtu mpya, bila salamu ndefu, inayouliza: "Je, 45,000 ni pamoja na usafiri? Mnaweza kulipwa siku 45 baada ya ankara?" Huyo ni mhasibu, na hati iko mezani kwake. Ajibiwe siku hiyo hiyo, ndani ya mnyororo ule ule wa barua, huku afisa utawala akiwa kwenye nakala. Kama masharti yamebadilika, hati iliyorekebishwa ipewe tarehe mpya na neno "toleo la 2" kwenye jina la faili, kwa sababu oda ya manunuzi itakapotoka itataja hati mojawapo, na kazi italipwa kwa tarakimu zilizo kwenye hiyo iliyotajwa.