Lubumbashi: Dawa ya sukari na mlo uliorukwa, hatari iko wapi?

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 68, mkaaji wa kata ya Bel-Air, tarafa ya Kampemba. Saa kumi na mbili asubuhi anameza kidonge cha glibenklamidi cha miligramu 5, kisha anaenda sokoni bila kula. Saa tano jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno yanamchanganyika. Walio karibu wanafikiri ni malaria. Kipimo cha kidole kinaonyesha sukari 48, wakati chini ya 70 tayari ni pungufu.

Glibenklamidi ni ya kundi la sulfonilurea. Dawa hizi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari katika damu tayari iko chini. Ndiyo maana kuruka mlo ni hatari kwa anayezitumia.

Jirani yake anayemeza metformini peke yake angeweza kukaa na njaa vilevile asifikie hali hiyo. Metformini hupunguza sukari inayotengenezwa na ini, lakini hailazimishi kongosho kutoa insulini. Ikitumiwa peke yake, ni mara chache sana kushusha sukari kupita kiasi. Hali hubadilika ikichanganywa na sulfonilurea au insulini, au mtu akinywa pombe nyingi bila kula.

Insulini ya sindano ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu ikishaingia mwilini hairudi nyuma. Kosa la kipimo, au bukari iliyochelewa baada ya sindano, vinatosha. Lakini saa zake zinajulikana: insulini ya kawaida, ile iliyo angavu, hufanya kazi kwa nguvu kati ya saa 2 na 4 baada ya sindano. Mgonjwa anaweza kujua ni wakati gani wa kujipima.

Kwa yule mama, wanamkorogea vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15 anapimwa tena: 82. Anapelekwa nyumbani kulala, na hapo ndipo kosa lilipo. Glibenklamidi inaweza kuendelea kufanya kazi hadi saa 24, na zaidi ikiwa figo zimechoka. Jioni sukari inashuka tena, safari hii akiwa usingizini.

Kwa hiyo aliyeshukiwa na sukari kwa sababu ya vidonge hivi anapaswa kula chakula kamili baada ya ile sukari, kisha apelekwe hospitali achungwe na kupimwa mara kwa mara. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu mdomoni.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Katika orodha yake ya dawa muhimu limeweka gliklazidi, ya kundi lilelile. Mwenye mzazi mzee nyumbani asome jina lililo kwenye pakiti, kisha amuulize daktari kabla ya kubadilisha chochote.