Hati inasema milioni 75, akaunti inasema mengine

Mkandarasi mmoja wa Dar es Salaam, anayejengea wateja wenye mikopo ya nyumba, ana daftari lenye safu tatu: kilichopangwa kwenye ratiba ya mkopo, kilichothibitishwa na mkadiriaji majenzi, na kilichoingia kwenye akaunti. Analalamika kwamba safu ya tatu haijawahi kulingana na ya kwanza.

Mradi mmoja anaoutolea mfano ni wa nyumba ya shilingi milioni 160. Mwenye nyumba alitakiwa kutanguliza milioni 40, benki ikopeshe 120. Msingi ulithaminiwa milioni 30, boma hadi lenta milioni 45, na hati ya malipo ya boma ikatoka ikionyesha milioni 75. Hapo wengi huteleza, kwa sababu hati hiyo husoma jumla ya kazi tangu siku ya kwanza, si ya hatua moja. Ukiondoa 40 za mwenye nyumba zinabaki 35, na ndivyo ratiba ilivyosema.

Zikaingia milioni 26.9.

Benki ilizuia asilimia 10 ya kazi yote iliyothibitishwa, yaani milioni 7.5, mpaka kasoro zirekebishwe, kisha ikakata shilingi 600,000 za ukaguzi. Kwa zuio hana ugomvi. Limo kwenye mkataba. Kilichomkera ni taarifa ya mkopo, iliyohesabu riba juu ya milioni 35. Ada ya ukaguzi ni mkopo uliokwishatumika, hivyo deni la haki lilikuwa milioni 27.5. Fedha iliyozuiwa ilikuwa bado haijatoka kwa mtu yeyote. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, tofauti hiyo ni shilingi 100,000 kila mwezi, mzigo wa mwenye nyumba, ambaye aghalabu hutazama salio tu.

Ofisa mikopo mmoja anasema fedha hutoka ndani ya siku saba za kazi. Huenda ni kweli, ila saa yake huanza kugonga faili linapokamilika, na faili halikamiliki mpaka mkaguzi wa benki afike site. Mkandarasi anahesabu tangu siku aliyoomba ukaguzi, na kwake ni zaidi ya mwezi. Katikati hapo mabati yalikuwa yamelundikwa uani, yamelipiwa kwa mkopo wa duka la vifaa, lakini hayakuhesabiwa kwa kuwa hayajapigwa juu ya paa.

Ofisa anatarajia ucheleweshaji utapungua picha za site zikianza kutumwa kwa simu. Mkandarasi hapingi, ila anasema picha huonyesha ukuta, haionyeshi nondo zilizomo ndani ya lenta, kwa hiyo mkaguzi atalazimika kuja tu. Hatua ya kupaua ya nyumba ileile bado inasubiri hati.