Pembetatu Inayoshuka Bondeni

Watu watatu wamesimama kwenye ukingo wa bonde asubuhi yenye ukungu mzito. Hakuna anayeona mbali, ila kila mmoja ana kipimo kinachomwambia yuko mita ngapi juu ya kisima kilicho chini kabisa ya bonde. Wanataka kukifikia kisima hicho. Wanachoweza kufanya ni kuitana, kutajiana vimo vyao, kisha kuamua nani ahame.

Mwaka 1965 wanatakwimu John Nelder na Roger Mead, waliokuwa kwenye kituo cha utafiti wa mboga huko Wellesbourne, Uingereza, walichapisha njia ya hesabu inayokwenda hivyo hivyo. Kwa kawaida, anayetafuta thamani ndogo kabisa hukokotoa kwanza mteremko umeelekea wapi. Lakini mara nyingine hakuna kanuni ya kukokotoa: kuna jaribio tu, au programu ndefu inayopokea namba mbili tatu na kutoa jibu moja. Njia ya Nelder na Mead haiulizi mteremko. Inauliza nani yuko juu kuliko wenzake.

Tuwafuate watu wetu. Tuseme kimo cha kila mahali ni f = (x − 3)² + (y − 2)², ingawa wao hawaijui kanuni hiyo. A yuko (0, 0) na kipimo chake kinasoma 13. B yuko (1, 0), anasoma 8. C yuko (0, 1), anasoma 10. A ndiye aliye juu zaidi, basi yeye ndiye anayehama. Anapita katikati ya B na C, kwenye (0.5, 0.5), na kutokea upande wa pili kwa umbali ule ule, kama sura yake kwenye kioo. Huku ndiko kuakisi. Anafika (1, 1) na kusoma 5.

Tano ni chini kuliko namba zote tatu za mwanzo, kwa hiyo anajaribu kwenda mbali zaidi upande huo huo, mara mbili ya umbali ule. Kwenye (1.5, 1.5) anasoma 2.5, anabaki hapo. Sasa C ndiye wa juu. Anaakisiwa kupitia katikati ya A na B, anaangukia (2.5, 0.5), naye anasoma 2.5. Amebaki B na 8 yake. Zamu yake inamfikisha (3, 2), na kipimo kinasoma sifuri: kisima hicho hapo. Kukiangukia hasa ni bahati ya namba nilizochagua. Kwa kawaida pembetatu hukikaribia kidogo kidogo.

Je, kuakisi kukimpeleka mtu mahali pabaya? Hapo habadilishi upande kwa pupa, bali hujibana: husogea nusu tu ya umbali kutoka katikati ya wenzake, upande ule au huu. Ikiwa hata huko hapafai, ndipo pembetatu nzima husinyaa. Aliye chini zaidi hukaa alipo, na wengine wote husogea nusu ya njia kumwelekea. Ni hatua ya gharama, maana vimo vyao vyote vipya lazima vipimwe upya, na huchukuliwa kwa nadra. Mwaka 1998 Lagarias na wenzake walithibitisha kwamba kwenye bonde lililobonyea kama bakuli, lisilo na sehemu iliyonyooka, kusinyaa hakutokei kamwe.

Angalia kwamba katika maamuzi yote haya hatukuhitaji kujua tofauti kati ya 13 na 10 ni kubwa kiasi gani. Tulihitaji mpangilio tu. Kama kila kipimo kingesoma kipeo cha pili cha namba yake, watatu hao wangepita njia ile ile. Ndiyo maana njia hii huvumilia vipimo vyenye makosa madogo, mradi makosa hayo hayageuzi mpangilio.

Udhaifu wake unatoka hapo hapo. Mwaka huo huo wa 1998 McKinnon alionyesha bonde laini la vigeu viwili ambamo pembetatu hujibana bila kikomo kumwelekea mtu mmoja asiyeondoka, hali ardhi chini ya miguu yake bado inateremka. Pembetatu hubanwa ikawa nyembamba kama ukuti, na haina tena mguu wa kupiga hatua kuelekea upande wa mteremko. Vigeu vikizidi kumi hivi, kudorora kwa namna hii huwa kwa kawaida.

Hatari ni kwamba kompyuta husimama pembetatu inapokuwa ndogo na vimo vikikaribiana, na ukuti huo hutimiza masharti yote mawili. Basi anayetumia `optim` ya R, ambayo huanza na njia hii usipoiambia vingine, asiliamini jibu la kwanza. Achukue nukta aliyopewa, asimamishe hapo pembetatu mpya iliyo pana, aanze tena. Ikishuka zaidi, kisima hakikuwa pale.