Kilomita 100 kwa baiskeli: Upepo wa Singida hauhitaji ubishi

MTU anayejitayarisha kwa safari yake ya kwanza ya hisani ya kilomita 100 kwa baiskeli huogopa zaidi kilomita 20 za mwisho. Hata hivyo, safari nyingi huharibika katika saa ya kwanza, wakati miguu ingali na nguvu na kila mtu anataka kuwa mbele.

Kwa anayetoka mjini Singida kuelekea Mgori, upande wa mashariki, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Wakati wa kiangazi upepo wa eneo hilo huvuma hasa kutoka mashariki, hivyo mwendeshaji huukabili akiwa anakwenda.

Akienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, hewa inayompiga ni sawa na ya mtu anayekwenda kilomita 35. Ukinzani wake huwa takriban mara tatu ya siku isiyo na upepo. Kung'ang'ania kasi ileile ni kuchoma akiba ya mwili mapema.

Kipimo ni pumzi: awe anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema, hata kama mwendo utashuka. Akienda kilomita 50 kwa mwendo wa 16 kwa saa, na kurudi kwa 22 upepo ukimsukuma, atatumia muda wa saa tano na dakika 24, bila kuhesabu mapumziko.

Muda huo hauwezi kubebwa na kifungua kinywa pekee. Aanze kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla ya njaa, na alenge gramu 40 hivi za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani na kijiko kikubwa cha asali, bidhaa ambayo Singida haina uhaba nayo, hutosha. Jasho baridi, miguu kuwa mizito ghafla na hasira zisizo na sababu ni dalili kwamba amechelewa kula.

Kuhusu kiti, wengi hukimbilia kilicho laini, nao hujuta. Sponji nene hudidimia na kubana nyama laini katikati, ilhali uzito ulipaswa kubebwa na mifupa ya makalio. Kiti kigumu kiasi, kilicholala sawa, ndicho kinachofaa.

Kimo chake hupimwa kwa kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Nyonga zikiyumba, kiko juu.

Bukta yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani, kwani mishono yake ndiyo inayochubua. Mafuta ya mgando hupakwa kabla ya kuondoka. Kila baada ya robo saa asimame juu ya pedali kwa sekunde chache ili damu ipite. Ganzi ikiendelea, ashushe ncha ya kiti kidogo sana, kisha ajaribu tena wiki kadhaa kabla ya safari yenyewe.