Vitanda Sita vya Chumba Kimoja

Wasomaji wetu wa Goma wanajua kwamba mjini kwao hakuna reli. Hata hivyo kila mwaka, shule zifungapo, jamaa kadhaa za Birere hufunga mizigo na kwenda Dar es Salaam kuwaona ndugu zao au kununua bidhaa. Wengine hushika basi moja kwa moja kutoka Kigali. Lakini mwenye wazee na watoto wadogo huona heri kushuka hadi Kigoma na kupanda gari la moshi, kwa sababu humo mtu hulala amejinyosha, na mtoto aweza kusimama na kutembea kidogo.

Reli hiyo ilijengwa na Wadachi. Ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo yapita Tabora na Dodoma, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Kwa ratiba ya kawaida ni safari ya usiku wa kwanza, mchana kutwa, na usiku wa pili. Leo twataka kusimulia habari ya jamaa moja ya Birere tunayoifahamu sana, iliyosafiri hivyo mwezi wa Julai mwaka 2018. Walikuwa watu sita: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Walikwenda vibaya wakarudi vizuri, na tofauti ya safari hizo mbili yatufaa sisi sote.

Tuanze na saa, maana ndiyo iliyowaponza. Jamaa hiyo ilifika Kigoma asubuhi ya siku ile ile ya safari, imechoka kwa vumbi la njia ya Nyakanazi na Kasulu. Baba akaenda kwa karani wa stesheni akanunua vitanda sita. Akaambiwa, gari laondoka saa 10 jioni. Basi wakaenda kupumzika kwa mwenyeji mmoja, na saa yake ya mkononi ilipoonyesha saa 9, wakatoka taratibu kwenda stesheni. Walipofika, walikuta watu wanarudi mjini. Gari lilikuwa limekwisha kwenda zake.

Je, kosa lilikuwa wapi? Saa ya Goma na ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja kamili. Mtu avukapo daraja la Rusumo, hapana budi asogeze mshale wa saa yake mbele. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini simu iliyokosa mtandao wa nchi ngeni huendelea kuhesabu saa za nyumbani. Kadhalika tiketi huandika saa kwa namna ya ofisini: 16:00 ndiyo saa 10 jioni, na 05:00 ndiyo saa 11 alfajiri. Ni vema baba wa jamaa akiisha kupokea tiketi, aisome kwa sauti mbele ya karani, kisha aitazame saa ya ukutani mwa stesheni, wala asiitegemee ya mkononi mwake.

Walingoja gari lingine siku tatu, na fedha walizoziweka kwa chakula zikaishia katika nyumba ya wageni. Tena, waliporudi kwa karani, chumba kizima hakikupatikana. Vilikuwa vimesalia vitanda vya huku na huku. Hapa yafaa tueleze madaraja.

Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda viwili. Chafaa mume na mkewe, au mgonjwa na mwuguzi wake. Daraja la pili la kulala lina vyumba vya vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Liko pia daraja la pili la kukaa, na daraja la tatu, ambamo mtu hukaa kitini usiku na mchana pamoja na umati wa watu na mizigo yao. Nauli yake ni ndogo, lakini kwa usiku mbili mfululizo si mahali pa mtoto mchanga wala pa mzee.

Sheria moja ya vyumba vya kulala yawashangaza wengi: wanaume hulazwa na wanaume, na wanawake na wanawake. Mume na mke hawalali chumba kimoja, ila wakiwa wamenunua vitanda vyote vya chumba hicho. Kwa hiyo watu sita wa jamaa moja wana bahati, kwa maana idadi yao yalingana na vitanda vya daraja la pili. Walio wanne au watano wafanye hesabu: pengine kulipia kitanda kimoja au viwili vitupu si hasara, wakiupata mlango wao wenyewe wa kufunga. Na kuhusu watoto, msidhani tu. Mwulizeni karani kama nauli ya mtoto yampa kitanda chake, au kama atalala na mama yake.

Kwa kuwa jamaa yetu ilikosa chumba kizima, baba na kijana mkubwa waliwekwa behewa moja, na mama, bibi na watoto wawili behewa jingine, pamoja na wanawake wawili wasiowajua. Kapu la chakula lilikuwa kwa baba. Maji yalikuwa kwa mama. Na furushi la bibi, lenye vitenge vipya alivyowachukulia wajukuu wa Dar es Salaam, lilikuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha.

Usiku ule joto lilikuwa jingi, na mmoja wa wale wanawake alishusha dirisha kidogo apate upepo. Gari lilisimama katika stesheni ndogo, giza tupu. Mkono ukaingia kutoka nje, furushi likatoka. Bibi alipopiga kelele, gari lilikuwa limeanza kwenda.

Wenye kuizoea njia hii wanajua kwamba wezi wa usiku hawahitaji kuingia ndani. Hungoja gari lisimame au lipunguze mwendo, kisha hunyosha mkono. Dawa yake ni kipande cha mti cha kukazia dirisha lisishuke, na mhudumu wa behewa mara nyingi huwa nacho. Mwombeni mapema, kabla jua halijatua, na mkijaribu palepale: dirisha likisukumwa kutoka nje lisiteremke hata kidogo. Mizigo mizito iwekwe chini ya kitanda cha chini, na sanduku lifungwe kwa mnyororo mwembamba na kufuli kwenye mguu wa kitanda. Fedha na pasi zikae mwilini, chini ya nguo. Mlango nao ukazwe komeo kwa ndani, na anayebisha hodi usiku aulizwe jina na kazi yake kabla ya kufunguliwa. Mizigo mikubwa isiyotakiwa njiani ni afadhali ipimwe na kupelekwa katika behewa la mizigo. Lakini stakabadhi yake itunzwe kama fedha, maana bila hiyo hamtapewa kitu.

Sasa chakula. Katika kwenda, jamaa hii ilifunga vyakula vyake Birere katika mifuko ya plastiki, kama desturi ya sokoni. Pale mpakani Gisenyi mifuko yote ilichukuliwa, kwa kuwa Rwanda iliikataza tangu mwaka 2008, na vyakula vikabaki mikononi mwao. Tanzania nayo iliikataza mwaka 2019. Kwa hiyo fungeni katika kapu, kitambaa safi, au mabakuli yenye vifuniko.

Katika kurudi, mama aliyapanga mambo kwa akili. Alikigawa chakula katika mafungu matatu, kwa kadiri kinavyodumu. Usiku wa kwanza, wali na samaki wa kukaanga, vilivyopikwa siku ile ile. Mchana wa pili, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, chapati na ndizi. Fungu la tatu lilikuwa mkate mkavu na karanga, na hilo alikataza lisiguswe mpaka gari lichelewe. Hilo tunawasihi mlishike: fungu la mwisho si la safari, ni la kuchelewa. Atokaye Goma aweza kulitia jibini la Masisi, ambalo likiwa zima, bila kukatwa, halidhuriki upesi. Maji ya kunywa yasipungue lita 2 kwa kila mtu kwa siku. Stesheni kubwa kama Tabora zina wachuuzi wa vyakula, na katika gari mna behewa la chakula; lakini gari likisimama porini, fedha mfukoni hazishibishi.

Na gari hilo huchelewa. Reli ni ya njia moja, hata gari moja hulazimika kulingoja jingine lipite. Wakati wa masika maji huweza kuibomoa, hasa kati ya Gulwe na Kilosa, ambako mafuriko ya mwanzo wa mwaka 2010 yaliharibu njia na kuisimamisha safari kwa miezi. Katika safari ya kwanza jamaa yetu ilitazamiwa asubuhi, ikafika saa 2 usiku. Mkwe wao aliyekuja kuwapokea alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, na simu yao ya Goma haikupata mtandao. Wakalala juu ya masanduku yao hadi kukapambazuka.

Basi fanyeni hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme gari laondoka Kigoma Alhamisi jioni. Mtoke Birere Jumatatu asubuhi, mlale Kigali; Jumanne mvuke Rusumo na kulala njiani; Jumatano mfike Kigoma, mnunue tiketi au kuzihakikisha. Kwa ratiba mtafika Dar es Salaam Jumamosi asubuhi. Likichelewa saa 12, bado ni Jumamosi, na Jumapili mtakuwa kanisani pamoja na wenyeji wenu. Siku ile ya kufika msiipange kwa meli ya Unguja wala kwa ndege. Tena tangu mwaka 2024 iko reli mpya ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Anayeona kwamba atafika usiku wa manane aweza kushuka Dodoma na kuendelea nayo mchana, ila ajue kwamba stesheni yake si ile ya zamani, na tiketi yake ni nyingine. Siku za safari hubadilika, basi ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Katika kurudi, jamaa ile ilipata chumba chake, vitanda sita. Bibi alipewa kitanda cha chini, vijana vya juu. Baba alikaza dirisha kwa mti, mama akafunga komeo, wakasali rozari pamoja. Kisha bibi akasema, "Mwanangu, hebu jaribu tena hilo dirisha." Akalijaribu, halikushuka. Ndipo mama mzee akageukia ukutani, akalala hadi asubuhi.