Mwajiri wa Zamani Akipigiwa Simu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina kifungu ambacho waajiri wengi hawakijui, na wafanyakazi ndio kabisa. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama hakutimiza wiki nne mfululizo kazini. Cheti hicho hutaja mwajiri ni nani, mfanyakazi ni nani, alianza lini, aliacha lini, alifanya kazi gani na wapi. Kuhusu tabia ya mtu na uchapakazi wake, kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa neno. Asiyetoa cheti kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika ndani yake jambo analojua kuwa ni uongo, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Tanzania Bara nayo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamdai mwajiri cheti cha utumishi ajira inapokoma.

Hivyo kampuni nyingine inapopiga simu kumuulizia mtu aliyeondoka, aliyetajwa kuwa mdhamini kwa kawaida yuko huru kukaa kimya. Mashaka yanaanza akiamua kusema.

Kwa muda mrefu Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria zetu za madhara ilitoka, mwajiri aliyesema vibaya juu ya mtumishi wake wa zamani alikuwa na pa kujificha. Mfanyakazi akimshitaki kwa kumchafulia jina, ilibidi athibitishe kwamba mwajiri alisema kwa chuki au kwa nia mbaya, na hilo si jepesi. Mwaka 1994 kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance ikabadili mambo. Mdai alikuwa muuza bima aliyeachishwa kazi. Alipoomba kazi kwingine, kampuni ya zamani ikaandika kwamba uadilifu wake ni mdogo sana au haupo kabisa. Milango ikafungwa. Mahakama ilikuta kwamba waandishi wa maneno yale waliyaamini kweli, na hawakuwa na chuki. Walichokosa ni uangalifu: makosa ya mtu asiyeijua kazi vizuri waliyageuza kuwa makosa ya mtu asiye mwaminifu, bila kuyachunguza. Wengi wa majaji wa ngazi ya juu kabisa wakaamua kwamba mwajiri akikubali kutoa maelezo, anawajibika kuyaandaa kwa uangalifu, kwa sababu riziki ya mtu inayategemea. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam, lakini ni ya aina ambayo mawakili wa huku huisoma na kuitaja.

Funzo lake ni gumu kuliko linavyosikika. Kumbe mtu anaweza kusema anachokiamini kwa dhati na bado akawa amemdhulumu mwenzake.

Chukua mfano wa kubuni ambao meneja yeyote wa duka kubwa la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam ataufahamu mara moja. Mtunza stoo alifanya kazi tangu Juni 2019 hadi Machi 2023. Faili lake lina tathmini tatu za mwaka, zote nzuri, na barua moja ya onyo kwa kuchelewa. Januari 2023, stoo ilipohesabiwa, mifuko 46 ya saruji haikuonekana. Aliandikiwa atoe maelezo, akayatoa. Stoo ile ilikuwa na seti tatu za funguo, na mbili hakuwa nazo yeye. Kikao cha nidhamu kikapangwa, lakini kabla hakijakaa kijana akatoa notisi ya kuacha kazi na kuondoka. Kikao hakikufanyika tena. Miezi kadhaa baadaye, simu inaingia kutoka kampuni ya Morogoro inayotaka kumwajiri kazi ileile.

Jambo la kwanza ambalo meneja anayejua kazi yake hufanya ni kutojibu papo hapo. Anaandika jina la mpigaji, cheo chake, kampuni yake na nafasi inayoombwa. Kisha anaitafuta mwenyewe namba ya ofisi hiyo na kuwapigia, au anaomba maswali yaletwe kwa barua pepe ya kampuni. Si kiburi. Kwenye simu mtu yeyote anaweza kujiita ofisa rasilimali watu: mdai anayemsaka mkopaji wake, mtalaka, hata rafiki aliyetumwa na mfanyakazi mwenyewe kupima atasemwaje. Pia anaomba aone kwamba mwombaji amekubali aulizwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Rekodi za mfanyakazi ni taarifa zake binafsi hata akiwa ameshaondoka, na ridhaa ya maandishi huondoa ubishi mwingi.

Baada ya hapo anafungua faili. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu kila meneja huamini kwamba anawakumbuka watu wake. Ukweli ni kwamba kumbukumbu ya bosi hutawaliwa na wiki za mwisho. Mtu aliyechapa kazi miaka mitatu na nusu akaondoka kwa mzozo hukumbukwa kwa ule mzozo. Faili humrudisha msemaji kwenye tarehe, tathmini na barua.

Maswali mepesi yanaisha haraka: tarehe, cheo, majukumu. Kuhusu utendaji, meneja anaweza kusema kwamba tathmini zote tatu zilikuwa nzuri, kwamba kijana alizijaza vizuri leja za kupokea na kutoa mzigo, na kwamba aliwahi kuonywa kwa maandishi kuhusu kuchelewa, hapo akiutaja na mwaka. Hiyo ni tofauti kubwa na kusema “alikuwa mvivu wa kuamka”. Kauli ya kwanza inaweza kuonyeshwa kwenye karatasi. Ya pili ni hasira ya bosi tu.

Halafu linakuja lile swali lenyewe, na mara nyingi huja kwa sauti ya kirafiki: “Kaka, tuachane na mambo ya makaratasi. Huyu bwana ni mwizi au si mwizi?”

Hapa kesi mbili za Uingereza zinafaa kuwekwa bega kwa bega. Katika ya kwanza, Bartholomew dhidi ya halmashauri ya Hackney, mtumishi alikuwa amesimamishwa kazi kwa tuhuma za fedha, akaondoka kwa makubaliano, na shauri la nidhamu likafa. Halmashauri ilipoulizwa, ilieleza hivyohivyo: alisimamishwa, alikuwa na shauri, na shauri liliishia hapo alipokubali kuondoka. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ilisema maelezo yale hayakumwonea, kwa kuwa kila sentensi ilikuwa kweli na picha nzima haikumpotosha msomaji. Katika ya pili, Cox dhidi ya Sun Alliance, iliyoamuliwa mwaka 2001, kampuni ilimpaka meneja wake wa zamani rangi ya ukosefu wa uaminifu kwa tuhuma ambazo haikuwahi kuzichunguza ipasavyo. Kampuni ikashindwa. Majaji walieleza kwamba anayetaka kusema jambo baya juu ya mtu abaki kwenye yale aliyoyachunguza kwa kiasi cha kuridhisha na anayo sababu ya msingi ya kuyaamini.

Ukizisoma pamoja, jibu kuhusu mtunza stoo linajitokeza. Meneja hawezi kusema kijana aliiba, maana hakuna aliyefika kwenye uamuzi huo, na funguo nyingine mbili zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Akisema “hatukuwa na tatizo naye lolote”, naye pia anadanganya, na anamdanganya mtu anayekwenda kumkabidhi stoo. Anachoweza kusema ni hiki: “Hesabu ya Januari 2023 ilionyesha upungufu wa mzigo. Watu zaidi ya mmoja walikuwa na funguo. Aliombwa maelezo akayatoa. Aliacha kazi kabla ya kikao cha nidhamu, na sisi hatukufikia uamuzi kwamba alihusika.” Sentensi ya mwisho ndiyo ya haki kwake. Mameneja wengi huitaja tarehe na upungufu, kisha wanakaa kimya ili msikilizaji ajimalizie. Kila neno linakuwa kweli, ila hadithi inakuwa ya uongo.

Kampuni nyingine zimechagua njia fupi: kila anayeulizia hupewa tarehe na cheo tu. Utaratibu huo unakubalika, mradi uwe wa watu wote. Ofisi inayowasifia tisa kwa kurasa mbili halafu kwa wa kumi ikatoa tarehe peke yake imeshasema, na kila ofisa wa kuajiri anajua imesema nini.

Sifa nazo zina mipaka. Mwaka 1997, Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya Randi W. dhidi ya wilaya ya shule ya Muroc. Wakuu wa shule kadhaa walidaiwa kumwandikia barua za sifa tele mwalimu waliyekuwa wakijua analalamikiwa kwa mwenendo wa kingono kwa wanafunzi. Aliajiriwa kwingine, na msichana wa miaka 13 akadai kwamba alimdhuru huko. Mahakama haikusema kwamba shule zilibanwa kutoa maelezo. Ilisema kwamba aliyekwisha kuanza kusifia, akaficha hatari anayoijua, anaweza kujibu kwa madhara ya mwili yanayomfika mtu wa tatu. Kwa anayeulizwa kuhusu yaya, mwalimu au dereva wa basi la shule, huruma ya kumsaidia mtu apate riziki isimfiche mtoto atakayekuwa mikononi mwake.

Kuna yasiyo ya kusemwa hata kama ni kweli: ugonjwa, ujauzito, ndoa, dini, uanachama wa chama cha wafanyakazi, au kwamba aliwahi kumpeleka mwajiri kwenye usuluhishi. Taarifa za afya sheria za nchi zote mbili zinazihesabu kuwa nyeti. Mpigaji akiuliza kama mtu “alikuwa anaumwaumwa”, jibu ni kwamba hilo halizungumzwi, na lisemwe kwa sauti ileile inayotumika kwa kila anayeuliza. Kigugumizi kwenye simu ni jibu tosha.

Lile la mwisho, “ungemwajiri tena?”, halina lazima ya ndiyo au hapana. Meneja wa mfano wetu anaweza kujibu kwamba kama kikao kingefanyika angekuwa na jibu, na kwa kuwa hakikufanyika hana. Kisha anaandika kwenye faili tarehe, saa, jina la aliyeuliza na maneno aliyojibu. Sheria za taarifa binafsi zinampa mtu haki ya kuomba kujua kinachohifadhiwa juu yake, kwa hiyo karatasi hiyo iandikwe kama ambayo mtunza stoo ataisoma siku moja.

Baadhi ya ofisi huanza mapema zaidi. Siku mtu anaporudisha funguo na kitambulisho, hukaa naye dakika chache na kukubaliana kwa maandishi nini kitasemwa akiulizwa, hasa pale alipoondoka kwa mzozo. Palipo na upungufu wa mifuko 46 ambao haujapata mwenyewe, mazungumzo hayo huwa makali. Ila afadhali yafanyike wakati daftari la stoo lipo mezani, na kijana mwenyewe yupo kusema upande wake.