Bei ya ndani inavyoweza kumfaidi meneja mmoja na kuitia kampuni hasara

MAMENEJA wawili wa kampuni moja wanaweza kufanya kazi kwa bidii ile ile mwezi mzima, mmoja akaandikiwa faida na mwenzake hasara, kwa sababu tu ya bei iliyotiwa kwenye hati inayopita baina ya vitengo vyao.

Bei hiyo, ambayo wahasibu huiita bei ya uhamisho, ni kiasi ambacho kitengo kimoja hukitoza kingine kwa bidhaa inayotoka huku na kuingia kule. Hakuna pesa zinazoondoka katika kampuni. Ni maandishi ya vitabuni tu: mapato kwa anayetoa, gharama kwa anayepokea.

Hata hivyo, maandishi hayo yana uzito mkubwa. Kampuni nyingi humpima meneja kwa faida ya kitengo chake, na kipimo hicho ndicho huamua bonasi, kupandishwa cheo, na wakati mwingine ni kitengo kipi kitakachofungwa na wafanyakazi wake kuachishwa kazi.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Wakenya wengi walisikia habari za bei ya uhamisho kutokana na kesi za ushuru, hasa ile ya Unilever Kenya iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2005 kuhusu bidhaa zilizouziwa kampuni-dada nchini Uganda. Kesi hiyo ilifuatwa na kanuni maalumu za serikali mwaka wa 2006. Hayo ni masuala ya kampuni zenye uhusiano zinazofanya biashara kuvuka mipaka. Makala haya yanahusu kampuni moja, iliyo ndani ya nchi moja na yenye hesabu moja ya kodi. Humo, bei ya uhamisho haimpi wala kumnyima mtoza ushuru chochote, lakini inaweza kupotosha maamuzi ya wasimamizi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni yenye kinu cha kusaga ngano mjini Nakuru na kiwanda cha mikate jijini Nairobi. Takwimu zimeteuliwa kwa urahisi wa hesabu.

Kinu kina uwezo wa kusaga magunia 20,000 ya unga, ya kilo 50 kila moja, kwa mwezi. Kila gunia linakigharimu Sh2,400 za ngano, umeme na mfuko, baada ya kuondoa mapato ya pumba zinazouziwa wafugaji. Zaidi ya hizo, kinu kina gharama za kudumu za Sh8 milioni kwa mwezi: mishahara, bima na uchakavu wa mitambo. Gharama hizi hazipungui hata kinu kisage kidogo. Kinu huuzia wateja wa nje magunia 6,000 kwa Sh3,200 na kukipa kiwanda cha mikate magunia 10,000. Uwezo wa magunia 4,000 hukaa bure kwa kukosa wanunuzi.

Huko Nairobi, kiwanda kinapouza mikate ya gunia moja na kulipia sukari, mafuta, hamira, karatasi za kufungia na usafiri, hubaki na Sh3,600 za kulipia unga wenyewe. Gharama zake za kudumu ni Sh3 milioni kwa mwezi.

Sasa tutazame matokeo ya mameneja hao wawili. Bei ya ndani ikiwa Sh3,200, sawa na ya soko, kinu hupata faida ya Sh4.8 milioni na kiwanda Sh1 milioni. Bei ikishushwa hadi Sh2,400, yaani gharama ya kusaga tu, kinu huandikiwa hasara ya Sh3.2 milioni na kiwanda hutwaa faida ya Sh9 milioni.

Jumla ya kampuni ni ile ile katika hali zote mbili: Sh5.8 milioni. Hakuna aliyefanya uzembe wala aliyeongeza juhudi. Anayesoma taarifa ya kwanza atampongeza meneja wa kinu; anayesoma ya pili atauliza kwa nini kinu kisifungwe. Wote wawili watakuwa wakiamua kwa kutazama takwimu ambayo wakubwa wenyewe waliiweka.

Iwapo mambo yangeishia hapo, tatizo lingekuwa la haki baina ya mameneja pekee. Ila kila meneja huitazama bei hiyo anapoamua afanye nini kesho, na hapo ndipo kampuni nzima huanza kupoteza pesa halisi.

Tuseme msagaji mwingine anamwendea meneja wa mikate na kumpa unga wa ubora ule ule kwa Sh3,000. Kwa kuwa anatozwa Sh3,200 nyumbani, meneja huyu anaona akiba ya Sh200 kwa gunia. Anahamisha ununuzi wake wote wa magunia 10,000 na faida ya kitengo chake inapanda kutoka Sh1 milioni hadi Sh3 milioni. Mwisho wa mwezi anastahili bonasi.

Kule Nakuru, kinu kimebaki na wateja wa magunia 6,000 tu, na faida ya Sh4.8 milioni imegeuka hasara ya Sh3.2 milioni. Ukijumlisha vitengo vyote viwili, kampuni iliyokuwa na faida ya Sh5.8 milioni sasa ina hasara ya Sh200,000. Sababu ni kwamba imelipa Sh3,000 kwa gunia ambalo ingelisaga yenyewe kwa nyongeza ya gharama ya Sh2,400, ilhali mishahara na bima za kinu bado zinalipwa.

Kosa hilo huja pia kwa njia ya kukataa biashara. Shule kadhaa za bweni zinapotaka mikate kwa bei nafuu, kwa kiasi kitakachohitaji magunia 2,000 zaidi kila mwezi, huenda kiwanda kikabaki na Sh2,900 kwa gunia kabla ya kulipia unga. Kwa bei ya ndani ya Sh3,200, meneja ataona hasara ya Sh300 kwa gunia na kuzijibu shule kwamba haiwezekani. Kumbe kwa kampuni kila gunia lingeleta Sh500, yaani Sh1 milioni kwa mwezi, kwa kutumia mtambo ambao sasa umelala.

Je, bei sahihi ni ipi? Kanuni inayofundishwa katika vyuo vya uhasibu ina mizizi katika makala ya mwanauchumi wa Marekani, Jack Hirshleifer, ya mwaka wa 1956. Kwa maneno mepesi, anayetoa bidhaa asipokee chini ya gharama ya ziada ya kuitengeneza, ukijumlisha faida ambayo kampuni inaikosa kwa kutoiuza kwingine.

Kinu kikiwa na nafasi tupu, kampuni haikosi chochote kwingine, hivyo kiwango cha chini ni Sh2,400. Siku ambayo wateja wa nje watagombea kila gunia kwa Sh3,200, gunia moja kupelekwa Nairobi litamaanisha kupoteza faida ya Sh800 sokoni, na kiwango cha chini kitapanda hadi Sh3,200. Katika hali hiyo ya pili, meneja wa mikate atakuwa sawa akinunua nje kwa Sh3,000, na atakuwa sawa pia akizikatalia shule. Uamuzi ule ule ni hasara mwezi huu na busara mwezi ujao, kutegemea kama kinu kimejaa.

Ndiyo maana meneja wa kinu ana sababu ya kudai kila mara kwamba mtambo umejaa. Ukweli haupatikani kwa kumuuliza. Hutafutwa katika daftari la saa ambazo mtambo ulizunguka, katika tani za ngano zilizoingia ikilinganishwa na unga uliotoka, na katika idadi ya wateja wa nje waliokosa kuhudumiwa. Ikiwa mtambo husimama siku kadhaa kila mwezi na ghala lina magunia yanayosubiri mnunuzi, basi haujajaa.

Baadhi ya kampuni huamua kutoza gharama nzima, zikigawa zile za kudumu kwa kila gunia. Katika mfano wetu, Sh8 milioni zikigawanywa kwa magunia 16,000 ni Sh500, na bei huwa Sh2,900. Yaonekana ni haki, lakini ina mitego miwili. Mosi, kinu kikipoteza ngano kwa uzembe, gharama huhamia kwa meneja wa mikate asiye na hatia. Dawa yake ni kutumia gharama zilizopangwa mwanzoni mwa mwaka badala ya zile zilizotokea.

Pili, kiwanda kikipunguza ununuzi wake hadi magunia 5,000, gharama zile zile za kudumu hugawanywa kwa magunia 11,000 na bei hupanda hadi takriban Sh3,127. Meneja wa mikate akiona hivyo hupunguza tena, na bei hupanda zaidi.

Njia inayokwepa mengi ya haya ni kutenganisha malipo mara mbili. Kiwanda hulipa ada isiyobadilika kila mwezi kwa kuwekewa nafasi kinuni, tuseme Sh5 milioni, kisha hulipa bei ndogo kwa kila gunia, tuseme Sh2,500. Kwa magunia 10,000, kinu hubaki na faida ya Sh2.8 milioni na kiwanda Sh3 milioni.

Tazama sasa tabia zinavyobadilika. Msagaji wa nje anayedai Sh3,000 hana mvuto tena. Shule zikija, meneja wa mikate hupata Sh400 kwa kila gunia la ziada na mwenzake wa kinu hupata Sh100, kwa hivyo wote wawili wana sababu ya kukubali.

Mpango huu nao una mipaka. Ada hujadiliwa mara moja kwa mwaka, na meneja mwenye ulimi mzuri anaweza kuivutia upande wake. Aidha, kinu kikijaa katikati ya mwaka, bei ya Sh2,500 haifai tena kwa magunia yanayozidi nafasi iliyolipiwa. Hayo yatozwe bei ya soko, ikiondolewa gharama za kuuza ambazo kinu hakiingii kinapouza ndani, kama vile malipo ya mawakala na madeni ya wateja wasiolipa.

Kwa mkurugenzi anayepokea taarifa za vitengo hivyo, jaribio ni jepesi. Achukue uamuzi mmoja mkubwa ambao meneja aliufanya mwezi uliopita, aondoe bei ya ndani kabisa katika hesabu, kisha aangalie ni pesa ngapi zilizotoka na kuingia katika kampuni nzima. Faida ya kitengo ikipanda ilhali ya kampuni imeshuka, meneja hakukosea hesabu zake. Alipewa bei iliyomwelekeza kubaya, na bei hiyo ndiyo ya kubadilishwa kabla ya meneja.